Kiarabu cha Jikoni, Kiarabu cha Dua

Kwa miaka yote niliyoshona barazani kwa rafiki yangu pale Kahama, siku yake ya kuzaliwa ilikuwa na sheria moja tu: lazima alowe. Duka ni la familia ya mume wake, Wahindi Waislamu waliokuwepo mjini kabla mimi sijajua kuna mji. Wanauza buti, koleo, sururu, kamba, tochi za kuvaa kichwani, kila anachohitaji mtu wa kushuka duarani, shimoni kuchimba dhahabu. Cherehani yangu iko nje, chini ya paa la bati, na kazi yangu kubwa ni ovaroli: kufupisha miguu, kuongeza mifuko, kuziba matundu. Yeye ananiita Fundi, mimi namwita Bosi, ingawa hajawahi kuniamrisha kitu zaidi ya kula.

Siku yenyewe ikifika nilikuwa najifanya nimesahau. Asubuhi nzima nakanyaga cherehani, uso mkavu. Naye anajifanya hajui ninajifanya. Halafu akitoka uani kumwaga makombo, namsubiri nyuma ya mlango na ndoo. Vigelegele! Wachimbaji waliotoka Nyarugusu kununua buti wanaacha kujaribu buti, wanapiga makofi, mmoja anaimba. Bosi anatoka amelowa mpaka mtandio, ananitukana kwa Kiswahili na Kikachi, Kihindi cha nyumbani kwao, kisha tunakula keki. Ilikuwa siku niliyoipenda kuliko Krismasi, na mimi ni mtu wa kanisani.

Huenda niliipenda hivyo kwa sababu yangu sina. Mama yangu anajua kwamba nilizaliwa wakati wa kupalilia pamba, na kwamba siku hiyo mbuzi alikula kitenge chake kilichoanikwa. Zaidi ya hapo hakumbuki. Nilipoandikishwa shule, mwalimu aliuliza tarehe, mama akamweleza habari za mbuzi, mwalimu akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza. Darasani tulikuwa wengi wa tarehe hiyo. Bosi aliwahi kuniambia nichukue nusu ya siku yake, nikakataa. Nilimwambia sitaki kumwagiwa maji ya uongo.

Basi mwaka huo Bosi akaenda umra na mume wake. Aliporudi kutoka Maka alikuwa yuleyule, na hakuwa yuleyule. Aliacha kupeana mkono na wateja wanaume. Redio ya dukani ikahama kutoka taarabu kwenda mawaidha. Alasiri wakaanza kuja wanawake wa darsa, wamevaa mabaibui meusi, wanakaa naye nyuma ya kaunta wakisoma kwa sauti ya chini. Mimi nje nasikia mnong'ono tu. Walikuwa wananisalimia vizuri, siwezi kuwasingizia. Lakini nilikuwa nawaangalia jinsi mke mkubwa anavyomwangalia mke mdogo, na nikijua kabisa kwamba ni upuuzi, nikaendelea kuwaangalia hivyohivyo.

Siku moja, wakati ananikatia nanasi, Bosi akasema taratibu, bila kuniangalia, "Fundi, mwaka huu ile ndoo iache. Na keki. Nimeamua kutosherehekea tena."

"Sawa, Bosi," nikasema.

Haikuwa sawa hata kidogo. Nilikula lile nanasi kama nakula pamba. Kilichoniuma hakikuwa ndoo. Nilijua mtu akianza kubadilisha maisha yake huanza na vitu vidogo, kisha hufika kwa watu. Jana redio, leo ndoo, kesho Fundi. Niliogopa kumpoteza, na mimi nikiogopa huwa nakasirika, nikikasirika huwa najifanya nina akili nyingi.

Akili zenyewe zikaja Jumapili, nilipokwenda Kagongwa kumwona binti wa dada yangu. Alikuwa amerudi kutoka Omani karibuni, alikokuwa akifanya kazi za ndani Maskati. Alikuwa anapika ugali huku akiongea na simu kwa Kiarabu, haraka, anacheka, anagombana, anacheka tena. Nikakaa kwenye kigoda nikamtazama kwa heshima mpya. Ndipo wazo likanipata. Rafiki yangu sasa ni mtu wa dini. Dini yao ni Kiarabu. Kama nikimtakia heri kwa Kiarabu, sitakuwa nimefanya sherehe, nitakuwa nimefanya ibada. Nani atanilaumu?

Naomba mnielewe. Mtu aliyekulia kwetu, vijiji vya pamba na ng'ombe, Kiarabu anakisikia mahali pawili tu: kwenye spika ya msikiti na kwenye mazishi ya jirani Mwislamu. Kwangu hapakuwa na Kiarabu cha kununulia vitunguu. Kila neno lililotoka koo lile nililiona lina udhu.

"Mama mdogo, salamu za kuzaliwa ziko nyingi," binti akasema. "Kuna *kullu am wa anti bikheir*. Hiyo maana yake kila mwaka uwe na heri. Hiyo unaweza kumwambia mtu siku ya kuzaliwa, Idi, mwaka mpya, popote. Akikwambia, unajibu *wa anti bikheir*, nawe pia uwe na heri. Jirani yetu Mmisri alikuwa anasema *uqbal mit sana*, yaani ufikishe miaka mia. Halafu kuna ile yenyewe hasa, ya kuimbia keki. *Idi milad said.*"

"Hiyo yenyewe hasa maana yake nini?"

"Sikukuu njema ya kuzaliwa. Watoto wa pale nyumbani tulikuwa tunawapambia maputo, kila mtu anasema hivyo. Mpaka babu yao, na yule babu hakosi sala hata moja."

Nikachagua hiyo. Ilikuwa fupi, na ilikuwa na maneno ninayoyajua. Idi naijua, nakula pilau yake kila mwaka. Milad inafanana na Maulidi, na Maulidi ni ya Mtume wao. Said, nikajisemea, lazima ni kitu kizuri, maana wanaume wengi wanaitwa hivyo. Njia nzima ya kurudi Kahama nilikuwa nairudia midomoni, na aliyekaa karibu yangu akadhani nasali.

Siku ikafika. Nilisubiri alasiri, wakati wanawake wa darsa wamekaa, kwa sababu, niseme ukweli, nilitaka wanione. Nilitaka wajue kwamba mimi pia naweza. Nikaingia dukani nimevaa gauni langu la kitambaa kizuri, nimejifunga mtandio kwa heshima ya Kiarabu changu, nikasimama katikati ya mabuti, nikasema kwa sauti ya kanisani:

"Idi milad said, Bosi wangu!"

Tochi moja iliyokuwa inajaribiwa na mteja ilibaki inawaka ikinimulika kifuani. Mwanamke mmoja wa darsa akaficha mdomo kwa kiganja. Mwingine, mkubwa wao, akasema si kwa ubaya, kama mtu anayemsahihisha mtoto, "Dada yangu, Idi kwetu ni mbili tu. Ya kufungua mwezi na ya kuchinja. Hiyo ya tatu umeitoa wapi?"

Nikamwangalia Bosi. Alikuwa mwekundu masikioni. Alikuwa amewaeleza wenzake, kumbe, kwamba mambo ya siku ya kuzaliwa ameyaacha na hata rafiki zake wameelewa. Sasa rafiki yake huyu hapa, amemtangazia sikukuu kwa sauti kubwa, tena kwa lugha ambayo hakuna aliyeweza kujifanya hakuielewa.

"Ahsante, Fundi," akasema. Kisha akainamisha kichwa kwenye kitabu.

Nilitoka. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mguu wa ovaroli kwa hasira mpaka nikauziba kabisa, mtu asingeweza kupitisha hata kidole cha mguu. Nilijiona mjinga, na nilimwona yeye mkatili, na nilimwona yule babu wa Maskati mnafiki, ingawa hajanikosea kitu. Nilianza kufikiria baraza nyingine za kushonea. Kulikuwa na moja karibu na stendi, ina vumbi, lakini ina watu wanaocheka.

Aliyenitoa hapo ni mama mkwe wa Bosi. Huyu ni mama mtu mzima, amezaliwa Kahama hiihii, anaongea Kisukuma na wachimbaji vizuri kuliko mimi niliyekaa mjini mno. Wanamwita *mayu*, yaani mama, naye anaitika. Alichungulia dirisha la jikoni, akaniambia, "Fundi, acha kuua hiyo nguo. Njoo unywe chai."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umetuletea Kiarabu cha wapi?"

"Cha Maskati," nikasema, nikamweleza habari za binti wa dada yangu wa Kagongwa.

Akacheka mpaka akashika meza. Mimi nikataka kulia, na nikalia kidogo, kwenye kikombe, huku nikisema ni tangawizi. Alinisubiri nimalize.

"Sasa sikiliza," akasema. "Hujatukana mtu. Waarabu wenyewe wanasema hivyo, Waislamu kwa Wakristo. Yule mwanao amekufundisha Kiarabu cha jikoni, na jikoni kwao ndivyo wanavyosema. Lakini mkwe wangu amefuata walimu wanaosema sikukuu haiongezwi. Kwa mtu kama yeye, ukisema *Idi*, umempa kitu alichokiacha. Ni kama umemmwagia ile ndoo yako mbele ya mwalimu wake."

"Kwa hiyo hata kumtakia heri siruhusiwi?"

"Nani kasema?" Akanisogezea sahani ya siro, ile semolina ya samli na iliki. "Kuna maneno ya kumpongeza mtu, na kuna maneno ya kumwombea mtu. *Kullu am wa anti bikheir*, hayo ni ya kupongeza. Ni mazuri, hayana Idi ndani yake, wengi hata mimi tunayasema, ila Mungu hatajwi. Unaongea na mtu. Dua ni tofauti. Kwenye dua unaongea na Mungu, mtu yuko pembeni anasikia. *Barakallahu fi umriki*. Mungu aubariki umri wako. Umeona? Hujasema leo ni siku gani. Hujasema keki."

Nikairudia. Akanisahihisha koo.

"Nyingine: *Atala Allahu umraki*. Mungu aurefushe umri wako. Lakini hapo usinyamaze, watu wa dini hawapendi ikaishia hapo. Umri mrefu wa kufanya nini? Mwizi naye anaweza kuishi sana. Unaongeza *ala taatihi*, katika kumtii Yeye. Ndiyo inakuwa dua kamili. Wale wa kawaida wanakutakia mia, wanakuhesabia miaka. Huyu wa dua anaomba miaka iwe na kitu ndani. Hata ikiwa michache, iwe na baraka."

Nilimwambia kwamba umri, baraka, heri, hayo yote yalikuwa kinywani mwangu siku zote, hata kanisani tunayasema. Akasema ndiyo, nilikuwa na unga, maji na sufuria, nikaenda Kagongwa kuazima ugali.

Kisha akasogea karibu. "Na nikwambie lingine. Sisi zamani, mtoto akitimiza mwaka, mama yangu alikuwa anapika siro hii, tunasoma Fatiha, tunagawia majirani. Mkwe wangu anaona hata hiyo tuiache. Sijagombana naye. Wako wanaokataa, wako wanaosema haina neno ikiwa ni shukrani tu. Mimi naendelea kupika siro, nikiulizwa nasema nilikuwa na hamu nayo." Akanikonyeza. Nikaangalia tarehe kwenye kalenda ya ukutani, nikaangalia sahani yangu, nikaelewa ninakula nini.

"Mama," nikauliza, na hili ndilo lililokuwa limenikaba kuliko yote, "mimi ni Mkristo. Hiyo dua ikitoka kwangu itafika?"

"Wewe ukimwombea mtu mema unapeleka wapi?"

"Kwa Mungu."

"Basi. Peleka. Kuitikia tutaitikia sisi."

Dua yenyewe sikuisema siku hiyo. Siku hiyo niliiogopa, nikaona ikipita yenyewe bila mimi kuigusa nitakuwa nimemheshimu. Bosi alifunga duka, tukaagana. Siku zilizofuata tuliongea habari za vifungo na bei ya uzi. Nanasi aliniletea, lakini aliliacha mezani akarudi ndani. Nikawa naliangalia. Kukosana na mtu mkali ni rahisi; mnagombana, mnamaliza. Huyu alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa unaniua.

Lakini kuna kitu mama mkwe alisema nikiwa naondoka ambacho kilibaki kinanizunguka kichwani. Alisema dua haina siku yake. Mimi nilikuwa mtu wa siku. Siku moja ya mwaka, ndoo moja, vigelegele. Kama haina siku, basi sihitaji kusubiri mwaka uzunguke. Ningeweza kuisema hata Jumanne.

Nikaisema Jumanne. Duka lilikuwa limejaa, wachimbaji wa upande wa Bulyanhulu wameshuka kwa pikipiki, kila mmoja anataka buti za saizi ambayo haipo. Bosi alikuwa anapima kamba kwa mikono, anaitandaza kifuani, pima baada ya pima. Hakukuwa na mtu wa darsa. Hakukuwa na gauni zuri. Nilikuwa na nyuzi nywele nzima na chaki kwenye shavu. Nikasogea mpaka kwenye kaunta, nikasema taratibu, yeye tu asikie:

"Barakallahu fi umriki. Atala Allahu umraki ala taatihi."

Mikono yake ikasimama na kamba imetandazwa. Nikaona midomo yake inatikisika, nikadhani nimekosea tena, nimemletea Idi ya nne.

"Amin," akasema. "Amin, Fundi. *Wa iyyaki*."

"Hilo la mwisho sijafundishwa."

"Nawe pia." Aliweka kamba chini. Mchimbaji akalalamika kwamba kipimo kimepotea, hakumjibu. "Ukimwombea mwenzako, jibu lake ni hilo. Nililoombewa, nawe upate vilevile. Baraka ya umri, urefu wa umri, yote. Inarudi kwako."

"Hata kama sina siku?"

"Umesikia nimetaja siku?"

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaingia ndani, akamwachia mama mkwe kamba na mchimbaji wake, na kutoka na chupa ndogo ya plastiki yenye maji. Akanivuta uani, palepale nyuma ya mlango nilipokuwa namvizia na ndoo.

"Ni zamzam," akasema. "Ya Maka. Ndugu nimewagawia wote nilivyorudi, hii niliiweka yako. Imekaa kabatini muda wote huu. Nilikuwa naogopa kukupa."

"Unaogopa nini?"

"Nilidhani utasema nataka kukusilimisha. Nilikuwa nakuona unavyowaangalia wenzangu wa darsa. Nikasema nikimpa, atahama baraza."

Nilicheka kwa nguvu, kwa sababu ile baraza ya karibu na stendi nilikuwa nimeshaiulizia. Sikumwambia. Kumbe miezi yote ile, mimi nje nimekalia hofu yangu, yeye ndani amefungia yake kabatini, na katikati yetu kuna mlango ambao haujawahi kuwa na komeo.

"Ukinywa, unaomba unachotaka," akasema. "Kwa namna yako. Mimi sisikilizi."

Nikanywa. Yalikuwa na ladha nzitonzito, ya chumvi kwa mbali. Niliomba nilichoomba. Nilipotaka kumaliza akaninyang'anya chupa, akaiinua, na yale matone yaliyobaki akayamwaga utosini mwangu, yakateremka kwenye chaki mpaka shingoni.

"Bosi! Si uliacha haya?"

"Niliacha kumwagiwa," akasema, na alikuwa anacheka vilevile anavyocheka tangu tujuane, mwili mzima. "Nimemwagiwa miaka yote hiyo peke yangu, wewe umesimama mkavu."

Dirishani jikoni mama mkwe wake akapiga kigelegele kimoja, kifupi, kisha akajifanya anakohoa.